Picha Imefika, Lakini Nani Ataisoma?

Mwenzangu mmoja katika kazi hii ya kutafsiri aliniambia juzi kwamba nauliza mno. Mteja ametuma picha, akasema mwenzangu huyo, maandishi unayaona, basi tafsiri, tuma, ulipwe. Ukianza kumhoji ataona hujui kazi na atahamia kwa mwingine. Ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa miaka ya kazi, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini nimelala na maneno yale siku tatu na bado yananichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo anavyoshauri, na nikamkosea mtu heshima mbele ya babu yake.

Ilikuwa Alhamisi usiku. Picha iliingia kwenye Wasapu kutoka namba inayoanza na +1, bila salamu wala maelezo. Dakika chache baadaye ukaja ujumbe mmoja: "Kaka naomba unitafsirie, naihitaji mapema." Nilifungua nikakuta barua ya posa kutoka Tanga, imechapwa vizuri, na maandishi ya kalamu pembeni.

Nikajibu maswali yote mwenyewe. Namba ni ya Marekani, kwa hiyo lugha ni Kiingereza. Barua ya posa inayotumwa kwa mtafsiri lazima ni ya faili la uhamiaji, kwa hiyo mtindo ni wa kiofisi. Sikukumbuka kwamba +1 ni namba ya Marekani na Kanada kwa pamoja. Sikukumbuka pia kwamba Kanada ina lugha mbili rasmi. Nilikesha, na alfajiri nikatuma kurasa mbili za Kiingereza kikavu, zenye "sisi tuliotia saini hapa chini" na "kijana tajwa". Jibu lilikuja kabla sijapiga mswaki: "Asante sana kaka. Lakini babu hasomi Kiingereza."

Dada yule anaishi Montreal. Kwao ni Burundi. Babu yake, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo kule, anasoma Kirundi na Kifaransa, na kikao cha familia kilikuwa Jumapili. Barua ile ilikuwa inakwenda mikononi mwa mzee anayeombwa mjukuu wake, na mimi nilikuwa nimeiandika kama hati ya kuitwa mahakamani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzangu. Picha inakuonyesha lugha chanzi peke yake. Lugha lengwa haimo kwenye picha, imo katika kichwa cha mtu aliyeituma. Kiwango cha heshima nacho hakimo pichani chote, hata kama maandishi yenyewe yana heshima tele. Na barua ya posa inaonyesha jambo hili kuliko hati nyingine yoyote ninayoijua.

Anayezijua barua hizi za kwetu anajua zinavyochanganya sauti mbili. Juu kuna anwani na tarehe, kisha "YAH: KULETA POSA", kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kama vile mtu anaomba likizo kazini. Mstari unaofuata mambo yanageuka: kijana wetu amepita kwenu, ameona ua bustanini, anaomba ridhaa yenu ili apate jiko. Kwa msomaji wa Tanga sauti zote mbili ni heshima. Mtindo wa ofisi unasema hatufanyi mchezo, na ua na jiko vinasema tumelelewa. Mtafsiri akiziacha zote mbili zilivyo, katika lugha nyingi barua itasomeka kama ya karani aliyechanganyikiwa. Lazima achague ipi itangulie, na hawezi kuchagua asipojua nani anasoma.

Niliifanya upya kwa Kifaransa, Ijumaa kutwa. Mambo ya ofisi nikayapunguza. "Husika na kichwa cha habari" ikaondoka kabisa, kwa sababu kwa mzee wa miaka ile isingeongeza heshima, ingeleta ubaridi. Nilimwita kwa ile nafsi ya wengi ambayo Kifaransa humpa mtu unayemheshimu, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mwisho wa barua nikaweka ile sentensi ndefu ya kumhakikishia heshima zetu ambayo Kifaransa cha adabu hakiwezi kuikosa, ingawa barua ya Kiswahili ilimaliza kwa "Wenu katika undugu" tu. Hapo niliongeza maneno, na nasimama na uamuzi huo. Barua ya Kifaransa kwa mzee ikikosa mwisho wa namna hiyo ni kama kijana wa kwetu kuingia sebuleni bila shikamoo.

Na jiko! Kwenye Kiingereza nililiua, nikaandika "mke" nikapita. Kwenye Kifaransa lilifufuka lenyewe, kwa kuwa neno lao la mahali pa moto ndilo hilohilo la kaya, na kuoa husemwa kuanzisha mahali pa moto. Kirundi nacho humsema anayeoa kuwa anajenga urugo, yaani boma la nyumbani. Mzee angeisikia sentensi ile kwa masikio ya nyumbani kwao. Kazi kama hiyo huwezi kuifanya ukiwa umekisia kwamba msomaji ni ofisa.

Ila ofisa naye alikuja. Miezi kadhaa baadaye dada yuleyule aliniandikia, picha ileile, na safari hii alitanguliza salamu na maelezo. Alitaka kumdhamini mume wake ahamie kule, na barua ya posa ilikuwa sehemu ya ushahidi wa uhusiano wao. Nilifikiri ningetoa kile Kiingereza cha mwanzo kutoka kabatini. Hakikufaa, wala Kifaransa cha babu hakikufaa.

Uhamiaji wa Kanada hupokea tafsiri kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Tafsiri haikubaliwi ikifanywa na mwombaji mwenyewe au ndugu zake wa karibu, na mtafsiri asiyethibitishwa na chama cha watafsiri cha kule huapa kiapo kwamba kazi yake ni sahihi. Mihuri isiyo ya lugha hizo mbili nayo hutafsiriwa. Maana yake hakuna kupunguza wala kuongeza. "Husika na kichwa cha habari" ilirudi. Sentensi ndefu ya heshima niliyomwongezea babu ikatoka, kwa sababu ningeapa kwamba imo wakati haimo. Ua likabaki ua, jiko likabaki jiko, na kila moja likapata maelezo mafupi ya mtafsiri katika mabano ya mraba.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Barua ilitiwa saini na "baba wa kijana". Kumbe aliyesaini ni baba mkubwa, kwa kuwa baba mzazi ni marehemu. Kwa babu wa Burundi hilo halikuhitaji neno hata moja, maana kwa Kirundi ndugu wa kiume wa baba ni "data wacu", baba yetu. Lakini ofisa ana cheti cha kuzaliwa mezani chenye jina la baba mwingine. Akiona baba wawili, ana haki ya kuuliza uongo uko wapi. Niliandika "baba" kama ilivyo, kisha katika mabano nikaeleza kwamba kwa desturi neno hilo humhusu pia kaka wa baba. Vivyo hivyo na ile shilingi laki moja ya kufungulia barua, ambayo bila maelezo inasomeka kama hongo. Katika Kiingereza changu cha ule usiku wa Alhamisi sikuwa nimeeleza lolote kati ya haya mawili. Kwa hiyo hata kama makisio yangu ya uhamiaji yangekuwa sahihi, kazi ingekuwa mbovu, kwa kuwa sikujua faili lina nini kingine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwenzangu ana hoja mahali pamoja. Zipo picha zisizohitaji maswali mengi. Cheti cha kuzaliwa ni fomu, mtindo wake umeshapangwa, na hapo nauliza lugha na nchi tu. Tena ni kweli kwamba mteja akipigwa maswali kumi hukimbia. Anahisi anafanyiwa mtihani, hasa aliyetuma picha akiwa kwenye foleni, bando linakwisha.

Ila jibu la tatizo hilo ni kuuliza vizuri. Tena siku hizi siulizi "Unataka lugha gani?" kwanza, kwa sababu watu hujibu "Kiingereza" kwa mazoea, kama vile tafsiri na Kiingereza ni kitu kimoja. Na siulizi "Unataka rasmi au kawaida?", kwa kuwa kila mtu hujibu "rasmi", akimaanisha "nzuri". Nauliza msomaji. Ujumbe wangu ni huu, karibu neno kwa neno, na nautuma ndani ya dakika tano baada ya picha kuingia:

"Habari za jioni dada. Picha nimeipata na inasomeka, isipokuwa mstari wa mwisho umekatika, naomba uipige tena hadi chini, na nyuma kama kuna maandishi. Nani ataisoma tafsiri hii, na ataifanyia nini? Kama ni ya ofisi, ni ofisi ya nchi gani? Nisiposikia kwako leo, sitaanza, ili nisikupotezee muda na fedha."

Ukijua msomaji, lugha hujitaja na heshima hujitaja. "Ni ya mama mkwe" imekwishajibu nusu ya maswali. "Ni ya wakili wangu Nairobi" imejibu nyingine, na inakuambia hata Kiswahili cha upande gani utatumia ikiwa unaelekea kwenye Kiswahili. Ile sentensi ya mwisho kuhusu kutoanza nimeiweka makusudi. Bila hiyo mteja huona swali, hudhani kazi inaendelea, na hulala.

Wiki iliyopita iliingia picha ya maelezo ya dawa kwa Kiingereza, ukurasa mzima wa herufi ndogo. Nikauliza nani ataisoma. Kijana akajibu, "Ni ya bibi, lakini hatasoma, macho yamechoka. Atasomewa na mjukuu wa darasa la tano."

Nilikuwa nimeshaandaa kichwani "Mgonjwa ameze kidonge kimoja mara mbili kwa siku." Nikaandika badala yake: "Bibi, meza kidonge kimoja asubuhi saa mbili, ukishakula. Meza kingine usiku saa mbili, ukishakula." Nikakata sentensi fupifupi ili mtoto asikwame katikati, na saa nikaziandika kwa maneno, kwa sababu ukurasa ulisema 8, na mtoto angeweza kuisoma saa nane.