Kesi ya Soksi ya Kushoto

Watu wanadhani ugumu wa telenovela uko kwenye machozi. Machozi ni kazi ya kitunguu. Ugumu uko kwenye kushtuka. Unavuta pumzi kwa ndani, "Haaa!", mkono unaruka kifuani vidole vikiwa vimetanuka, kichwa kinageuka robo tu, macho yanatazama pembeni ya kamera, kamwe si ndani yake. Halafu unaganda. Hupepesi, humezi mate, mpaka mwenye kamera aseme basi. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alizaliwa na kipaji hicho. Siku ile inzi alimtembea kuanzia paji la uso hadi puani na yaya hakutikisika.

Ilikuwa mwezi wa sita, Katuba, wakati ambapo baridi ya Lubumbashi inamfanya hata mwenye ndala atafute soksi. Asubuhi yaya alikuta soksi moja tu ya shemeji juu ya kitanda, nyekundu yenye mstari wa njano. Mwenzake hayuko. Akapindua godoro, akamwaga karai la nguo, akawauliza watoto mmoja mmoja kama polisi. Saa nane mchana alikuwa bado anaisema, ndipo binamu akatoa wazo: badala ya kulia bure, tulie mbele ya simu.

Hadithi tuliipanga tukimenya mihogo. Yaya ni Dona Esperansa, mke wa tajiri. Binamu ni Dona Konsolata, mpangaji wa nyuma mwenye siri. Soksi iliyopotea tuliamua iwe ya kushoto, kwa sababu kushoto ndiko kwenye moyo na inauma zaidi. Na kanuni moja tukaiwekea nadhiri: hakuna atakayetamka neno soksi mpaka mwisho. Tutaizungumzia kama mtu. Mtazamaji ateseke kwanza.

Mimi nilipewa kamera, na hapo kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Ule mwendo wa kamera kumsogelea mtu polepole wakati muziki unapanda, usiufanye kwa kutanua picha kwa vidole viwili. Simu nyingi hapo hazisogei kokote, zinakata kipande cha katikati ya picha na kukikuza. Uso wa dona unafika karibu ukiwa umevunjika chenga kama unga wa bukari. Dawa ni kusogea wewe mwenyewe. Lakini ukitembea, kila hatua inaipiga picha teke. Kwa hiyo nilikaa ndani ya toroli, magoti yakigusa kidevu, viwiko vimebanwa kwenye mbavu, na mdogo wangu akasukuma. Tulitoa upepo kidogo kwenye gurudumu ili lisirukeruke, tukatandika mkeka na mablanketi mawili juu ya udongo. Mita tatu kwa sekunde kumi, huo ndio mwendo wa uchungu. Haraka zaidi ya hapo inakuwa kama unamkimbilia mdeni wako. Nikabonyeza uso wa yaya kwenye skrini mpaka alama ya kufuli ikatokea, ili mwanga usiwe unabadilikabadilika, tukaanza.

"Usiku mzima alikuwa ananipa joto!" yaya akalia. "Asubuhi ninaamuka, hayuko! Konsolata, umemuficha wapi?"

Binamu akampa mgongo. Katika telenovela watu wanaogombana hawatazamani, wote wawili wanatazama upande mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, ili kamera iwameze wote. "Hakuwa wako peke yako, Esperansa," akasema. "Alinichoka wewe, akaja kwangu." Alikosea maneno, lakini aliyasema kwa uchungu hata nikayaacha.

"Haaa!"

Sasa, mshtuko wa telenovela huonyeshwa mara tatu: kutoka mbele, kutoka ubavuni, halafu macho peke yake. Wenye studio wana kamera tatu. Sisi tulikuwa na simu moja, kwa hiyo yaya alipaswa kulia maneno yaleyale mara tatu, na kati ya kilio na kilio kukawa na kimya kirefu huku tukihamisha toroli na mablanketi. Jiweke mahali pa jirani aliye nyuma ya ukuta. Mwanamke analia kwamba mtu wake amekutwa kwa mwingine. Kimya. Analia tena. Kimya. Tena.

Tulipokuwa kwenye macho peke yake, lango likafunguka. Akaingia shefu wa avenyu, koti la suti juu ya sweta, nyuma yake mama wawili wa kanisa, na nyuma yao watoto wa barabara nzima.

"Kiti," akasema.

Akaletewa kiti. Akakaa, akaweka fimbo kati ya magoti. "Mama, lia polepole. Nitasikiliza huyu, kisha yule. Huyo mwanaume iko wapi?"

Yaya alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka. Mimi nilijua ni kicheko. Mama mmoja wa kanisa akamshika mkono na kumwambia, "Vumilia, mama, wote wako hivyo." Mdogo wangu naye, ambaye hakuambiwa aache, aliendelea kusukuma. Toroli likageuka taratibu kuelekea kwa shefu, na kwenye skrini nikaona kitu ambacho sisi tusingekiigiza hata kwa mwaka: uso wa mzee mwenye mamlaka ukikua polepole, mwanga wa jioni shavuni, taya likitafuna neno ambalo bado hajalitoa.

Binamu akashindwa kuvumilia. Akaitoa soksi mfukoni, akaiinua. "Shefu, ndugu yake ni huyu."

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti. Akaivaa. Akaitazama soksi, kisha akatazama pembeni, mbali, juu ya ukuta wa jirani. Hakupepesa.

"Hii kesi," akasema, "ni ya shoseti?"

Hapo gurudumu likafika mwisho wa blanketi na kukuta tofali. Toroli liliinama mbele, nami nikaondoka kwa heshima zote kuelekea mbabula. Makaa niliyakosa. Sufuria ya sombe sikuikosa, na simu iliingia kabla yangu.

Nilikuwa bado ninakwangua mawese mkononi shemeji alipoingia kutoka kazini. Akaona watu, akawapa mkono wote, akavuta ndoo, akakaa, akakunja mguu juu ya goti. Suruali ikapanda. Mguu ule ulikuwa na soksi nyekundu yenye mstari wa njano. Mguu wa pili ulikuwa na ya kijivu.

"Kurant ilikuwa imekatika," akasema, akishangaa kwa nini tunamtazama miguuni. "Nilivaa mu giza."

"Haaa!" Uwanja mzima, kwa pumzi moja. Mama wa kanisa, mkono kifuani. Watoto. Na shefu wa avenyu, vidole vimetanuka, kichwa robo.

Hakuna aliyerekodi.

Simu ilipona, isipokuwa filamu nyembamba ya mawese ilibaki kwenye lenzi, na kila uso ukawa na ukungu mtamu, kama pale dona anapokumbuka ujana wake. Nilitaka kuifuta vizuri, yaya akanikataza, akasema ngozi yake haijawahi kupendeza vile. Lakini jua lilikuwa linashuka nyuma ya mwembe, na mwezi wa sita huzama kabla ya saa kumi na mbili. Nikawaambia wageni tunashukuru, kesi imekwisha, poleni kwa usumbufu.

Shefu hakuinuka. Alikuwa anajipangusa mabega ya koti.

"Shemeji atoke, aingie tena," akasema. "Na yule mutoto wa toroli apunguze mwendo. Kwangu alipita mbio."