Kaboni haikutupatia umri wa dunia

Jumapili iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinionyesha daftari lake tukiwa tumekaa juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Bugarika, Mwanza, na sentensi moja aliyoinakili ubaoni imeninyima raha hadi leo: "Umri wa dunia ulipatikana kwa kupima kaboni-14 katika miamba." Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikishapita miaka 50,000 hubaki kidogo mno kiasi cha kutopimika kwa uhakika. Tena hupimwa katika mabaki ya viumbe, kama vile mkaa na mifupa, si katika graniti. Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyu akija kuligundua kosa hilo, atadhani kwamba hata umri wenyewe ulibuniwa.

"Sasa mjomba," akaniuliza, "si wangepima tu haya mawe tuliyoyakalia?" Yamepimwa. Graniti za ukanda huu wa ziwa zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, lakini huo ni muda uliopita tangu zilipoganda kutoka kwenye uji wa moto. Dunia imeyeyusha na kusaga miamba yake ya mwanzo, kwa hiyo jiwe la hapa hutuambia tu kwamba dunia haiwezi kuwa changa kuliko hapo. Ndiyo sababu ilibidi kugeukia vimondo, ambavyo vingi havijayeyushwa tena tangu jua na sayari zilipoanza kuumbika.

Aliyeikamilisha kazi hiyo ni Mmarekani Clair Patterson, katika makala aliyoichapisha mwaka 1956, na alichopima ni risasi, madini yale yale ambayo wavuvi wetu huyafanya chubwi za nyavu. Risasi ina aina kadhaa za atomu, zinazotofautishwa kwa namba ya uzito wake. Urani-238 huoza polepole, yaani hugeuka yenyewe kuwa atomu nyingine, nusu yake ikiisha kwa takriban miaka bilioni 4.5, na mwisho wake ni risasi-206. Urani-235 huoza upesi zaidi, nusu kwa miaka milioni 700 hivi, ikaishia kuwa risasi-207. Risasi-204 haizaliwi na urani yoyote, kwa hiyo kiasi chake hakiongezeki, nayo hutumika kama kipimo cha kulinganishia hizo nyingine.

Mtu atauliza, kama wengi wanavyouliza kwa ubishi: tutajuaje jiwe lilianza na risasi kiasi gani? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika kimondo cha chuma cha Canyon Diablo, kilichoanguka Arizona. Ndani yake mna madini ya chuma na salfa yasiyo na urani ya kutajika, kwa hiyo risasi yake imebaki kama ilivyokuwa siku ya kwanza: kwa kila atomu moja ya risasi-204, za 206 ni kama 9.5 na za 207 ni kama 10.3. Kimondo cha mawe cha Nuevo Laredo, cha Meksiko, kilikuwa na urani nyingi kulinganisha na risasi yake, na humo hesabu imepanda hadi karibu 50 na 35. Toa cha kwanza katika cha pili: risasi-206 imeongezeka kwa takriban 41, risasi-207 kwa 24.5. Gawanya 24.5 kwa 41, upate 0.6.

Namba hiyo haitegemei wingi wa urani uliokuwamo, kwa kuwa urani zote mbili hukaa pamoja katika jiwe. Hutegemea muda tu. Zamani urani-235 ilikuwa nyingi zaidi, kwa hiyo jiwe likiwa la kale zaidi, uwiano huo huwa mkubwa zaidi. Patterson alipochora vimondo vitano kwenye grafu, vitatu vya mawe na viwili vya chuma, vililala kwenye mstari mmoja, na mwinamo wake, yaani ile 0.6, ukampa miaka bilioni 4.55, ikipungua au kuzidi kwa milioni 70. Kama vimondo hivyo vingekuwa na umri tofauti, au risasi ya mwanzo isiyofanana, nukta zingetawanyika.

Kazi iliyomtesa ilikuwa usafi. Risasi ilikuwa kwenye vumbi, kwenye maji na hata kwenye tindikali za maabara, na chembe kidogo tu ya risasi ya nje ilitosha kuifunika ile ya kimondo, hivyo akalazimika kusafisha kila chombo na kila kimiminika kabla ya kuligusa jiwe.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba huo ni umri wa vimondo. Dunia yenyewe aliiunganisha kwa kupima risasi ya matope ya sakafu ya bahari, nayo ikaangukia karibu kabisa na mstari ule ule. Vipimo vya baadaye vya chembe nyeupe zilizomo katika baadhi ya vimondo, ambazo ndizo yabisi za kwanza kuganda kuzunguka jua, vimetoa miaka milioni 4,567. Dunia ilikusanyika katika makumi ya mamilioni ya miaka iliyofuata.

Mpwa wangu hakuifuta sentensi ya ubaoni. Aliipigia mstari, akachora chini yake grafu yenye nukta mbili, 9.5 kwa 10.3 na 50 kwa 35, akaziunganisha kwa rula, kisha akaniomba kikokotoo.