Saa zinatosha, shida ni zinavyofuatana

Sisi tulioko nje tuna tabia moja mbaya: tukipigiwa simu na mdogo wetu aliyeko chuoni nyumbani, tukiulizwa mnawezaje kusoma, kufanya kazi na kucheza mpira kwa wakati mmoja, tunajibu kwamba huku watu wamejipanga. Halafu tunaanza kuhubiri ratiba. Nasoma Ujerumani, nacheza mpira wa mikono kwenye klabu ya mtaani, jioni nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa, na ninavyoona mimi jibu hilo halimsaidii kijana wa Mtwara. Nyumbani watu hawakosi kujipanga. Kinachotofautiana ni kitu gani unaruhusiwa kupunguza mambo yanapozidi, na nani anayelinda mapumziko yako.

Tuanze na masomo, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Tanzania, kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa shahada una krediti zisizopungua 120. Hizo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki za mihula miwili, za vipindi na za mitihani, ambazo kwa kawaida hukaribia 34, unapata kama saa 35 kwa wiki. Ujerumani mwaka ni krediti 60, na moja huhesabiwa hadi saa 30, kwa hiyo jumla inafika saa 1,800. Lakini wao wanazieneza karibu mwaka mzima, zikiwemo wiki ambazo hakuna mhadhara, kwa hiyo kwa wiki inakuja kama saa 40. Tofauti si kubwa kama wanavyosimulia watu.

Kwenye mifumo yote miwili, hesabu hiyo inajumuisha kusoma mwenyewe. Ratiba iliyobandikwa ukutani inaweza kuonyesha saa 18 za darasani, na mwanafunzi akaona zilizobaki ni zake. Si zake. Ameshaziuza siku aliyojisajili.

Sasa nimtaje binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma shahada pale Mtwara mjini na kuishi Chikongola. Ana bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, lakini halimtoshi, kwa hiyo jioni anaendesha bajaji kama deiwaka: dereva mwenyewe anapumzika, yeye anashika usukani kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, anapeleka hesabu, kinachobaki chake. Ni Jumatatu hadi Alhamisi. Anachezea timu ya mtaa, mazoezi ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa 11:30 alfajiri, baada ya swala na kabla jua la Mtwara halijakolea. Mechi ni Jumapili saa 10 jioni. Vipindi vinaanza saa 2 asubuhi.

Aliponipigia alikuwa amechoka hadi sauti. "Dada, mimi mpira naupenda, lakini siku hizi nikiisikia filimbi ya kocha natamani mvua inyeshe."

Nikamwambia tuhesabu. Masomo saa 35, bajaji 20, mpira na mechi tuseme 9. Jumla 64. Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala saa nane kila usiku, zinabaki 112. Kwa hiyo ana saa 48 za kula, kufua, kuswali, kutembelea watu na kukaa kijiweni. Kwenye karatasi kijana yuko vizuri kabisa, na angekuwa mshauri wa kawaida angemwambia aache kulalamika.

Ila tukafuata usiku mmoja, ule wa Jumatatu. Saa 5 anamaliza. Anarudisha bajaji, wanahesabiana fedha, anafika nyumbani saa 5:30. Anaoga, anakula kiporo, anapitia simu kidogo kwa sababu kichwa bado kina honi, analala saa 6:30. Saa 10:45 alfajiri yuko macho. Amelala saa nne na robo. Usiku wa Jumanne ni hivyohivyo, na wa Jumatano. Usiku tatu mfululizo, kila mmoja ukimnyima karibu saa nne, ni zaidi ya saa 11 za usingizi alizoziandika kwenye hesabu na hakuzilala. Anasema anafidia Jumamosi. Jumamosi hiyo kuna msiba Mikindani, au harusi, au mjomba ametuma aletewe mzigo.

Kwa hiyo ugonjwa wake hauko kwenye jumla. Uko kwenye saa sita na nusu kati ya abiria wa mwisho na filimbi ya kwanza.

Hapa ndipo ninapoisifu Ujerumani kwa haki. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka mfanyakazi apate saa 11 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na inayofuata. Migahawa ya Ujerumani inaruhusiwa kushusha hadi saa 10, mradi ifidie baadaye. Tena tangu Machi 2024 mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya anaruhusiwa siku nzima 140 za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280. Ukitaka kujiua kwa kazi, karatasi zenyewe zinakukatalia. Lakini msije mkasema Tanzania haina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa saa 12 kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, yaani moja zaidi ya Wazungu, na juu yake saa 24 za mapumziko kila wiki. Deiwaka hana mkataba wala mwajiri wa kumkumbusha, kwa hiyo kwake ni kama haipo. Na hata huku, sheria inahesabu kazi ya mshahara tu. Mazoezi hayamo, wala mhadhara. Mimi nilijiwekea saa 10 kati ya kufungua aproni na kuanza jambo lolote zito, na meneja wa jikoni alilijua hilo tangu wiki ya kwanza.

Pamoja na hayo, huku nina mlango ambao binamu hana. Muhula ukiwa mzito naweza kujisajili masomo machache, nikachelewa kumaliza. Ina gharama zake, hasa unapokwenda kuongeza kibali cha kuishi, lakini mlango upo. Nyumbani darasa linakwenda pamoja. Ukiliacha somo unalikeri, yaani unalibeba hadi mwaka mwingine, ukifeli ni sapu, mtihani wa kurudia, zikijaa unadisko, unaondolewa chuoni, na kuahirisha mwaka ni safari ndefu ya barua na sahihi. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza masomo, ambao huku ni wa kawaida, kwa kijana wa Mtwara ni ushauri wa bure. Kwake kinachoweza kusogea ni bajaji au mpira.

Kipi? Nisingeanza na kuacha mpira, kwa sababu hiyo ndiyo saa yake pekee ambayo hahesabu fedha. Nilimwomba kwanza aupime. Njia ni ya Carl Foster, mtaalamu wa sayansi ya mazoezi wa Marekani: kama nusu saa baada ya mazoezi unajiuliza yalikuwa magumu kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, unazidisha kwa dakika. Mazoezi ya dakika 90 yenye ugumu wa 5 ni 450. Unajumlisha wiki. Hakuna saa ya gharama mkononi, daftari linatosha.

Faida yake kubwa hujitokeza mazoezi yaleyale yanapoanza kupata namba kubwa zaidi. Jumanne ya binamu ilikuwa 5. Jumatano, kocha akiwa amepunguza mbio, akaandika 6. Alhamisi, kupasiana na kupiga mipira iliyokufa tu, akaandika 8. Kazi ilishuka, namba ikapanda. Mwili uliolala vya kutosha haufanyi hivyo kirahisi. Angeona mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla hajainuka kitandani, yako juu ya kawaida yake siku kadhaa mfululizo, ningemwambia akae nje hata ya mechi, na kama ana homa au malaria aende akapimwe badala ya kusingizia uchovu.

Basi tukahamisha bajaji. Nilidhani atahamia usiku wa Ijumaa na Jumamosi, akanicheka: hizo ndizo usiku zenye fedha, dereva mwenyewe hawezi kuziachia. Lakini dereva aliyekesha Ijumaa analala Jumamosi asubuhi, na bajaji inakaa tu. Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Sasa anaendesha Alhamisi jioni, kwa kuwa Ijumaa hana mazoezi, na Jumamosi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, wakati watu wanakwenda sokoni na feri. Ni saa 12 badala ya 20. Kipato kimeshuka, sitadanganya, ingawa hakikushuka kwa kiwango cha saa, maana asubuhi ya Jumamosi ina abiria kuliko usiku wa Jumatatu.

Saa nane zilizopatikana nilimsihi asizijaze. Hili nalisema kinyume na ninavyoishi huku, ambako rafiki yangu wa timu ananipangia kahawa ya wiki ijayo na tunaiandika. Mtwara msiba hauandikwi kwenye kalenda. Ratiba isiyo na saa tupu kwa ajili ya watu, nyumbani itavunjika wiki ya kwanza, na mwenye ratiba ataonekana ana majivuno. Wanaosema undugu unakula muda wana haki, lakini undugu huohuo ndio uliomwona binamu kabla yangu: mama muuza chapati aligundua kwamba siku hizi ananunua na kusahau kula. Huku ungeweza kuchoka hivyo miezi miwili na jirani akaendelea kukusalimia vizuri tu kwenye ngazi.

Mawili hatujayamaliza. Korosho zinaanza kuanguka, na nyumbani kwao Tandahimba wanamtarajia wikiendi akaokote na kuanika, kwa sababu mzigo ukichelewa kufika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unasubiri mnada mwingine, na sehemu ya ada inatoka humo. Wikiendi hizo Jumamosi ya bajaji itakufa, na nimemwambia amjulishe dereva mapema ili asije akatafuta deiwaka mwingine. La pili ni kocha. Binamu ameomba mazoezi ya Jumatano yahamie jioni, kocha amekataa kwa kuwa jioni uwanja una timu nyingine. Amemruhusu tu aje Jumatano akiwa na daftari lake, na namba ya Jumanne ikizidi 6 akae pembeni aokote mipira.