Saa sita usiku na rekodi zilizochelewa kutoka Kagunga

"Kazi ya saa sita usiku inatoa orodha ya mizigo iliyopokelewa jana na haijachukuliwa. Zile rekodi za Kagunga zinazoingia asubuhi tuzihesabu siku gani?"

Kwa namna kazi hiyo, yaani programu inayojiendesha yenyewe kwenye seva kila usiku, ilivyoandikwa, hazihesabiwi siku yoyote, na hilo ndilo la kutazamwa kwanza. Tuchukue mfano wa usiku wa Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Boti kutoka Kibirizi imeshusha mizigo Kagunga, na saa 4:40 usiku wakala anaandika kwenye simu mizigo 6 mipya. Robo saa baadaye anaandika kwamba mizigo mingine 4, iliyopokelewa mchana wa siku hiyo hiyo, imechukuliwa na wenyewe. Mtandao umekatika, hivyo rekodi zote 10 zinafika kwenye seva saa 12:40 asubuhi. Wakati huo orodha imeshatoka, nayo inaonyesha mizigo 37, kwa swali hili:

```sql
SELECT id FROM mizigo
WHERE muda_tukio >= '2025-03-04 00:00+03'
  AND muda_tukio <  '2025-03-05 00:00+03'
  AND hali = 'BADO';
```

Hesabu ya kweli ni 37, toa 4, ongeza 6, yaani 39. Tofauti ya mizigo 2 inaonekana ndogo, lakini majina 10 yamekosewa. Ile 4 itawasumbua makarani asubuhi moja tu kwa kuwapigia simu watu ambao mizigo yao iko nyumbani. Ile 6 ina hatari zaidi, kwa sababu orodha ya Jumanne imekwisha kutolewa, na orodha ya Jumatano itachuja matukio ya Jumatano peke yake. Mizigo hiyo imedondoka katikati ya siku mbili, wala hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini.

Wapo wanaotaka siku ihesabiwe kwa muda ambao rekodi imefika kwenye seva, na hoja yao ni nzito: kila rekodi huangukia siku moja tu, na hesabu iliyofungwa haibadiliki tena. Wanachopaswa kuchunga ni kwamba rekodi inaweza kugongwa muhuri wa sekunde mbili kabla ya saa sita na ikaonekana kwenye hifadhidata sekunde tatu baada yake. Kwa hiyo kazi ianze saa 6:10 usiku, ingawa mpaka wa siku unabaki saa sita kamili. Gharama ya njia hii ni kwamba mizigo 6 ya Jumanne itaitwa ya Jumatano, na mteja anayelalamika kwamba mzigo wake umelala stoo siku tatu ataambiwa ni mbili.

Wanaotetea muda wa tukio wanasema ukweli wa mteja ndio unaohesabika. Nakubaliana nao, ila kwa masharti. Orodha irudiwe saa 1 asubuhi kwa siku tatu zilizopita, maana simu nyingine hukaa siku mbili bila mtandao. Tena sharti la `hali` liondolewe, kwa kuwa linasoma hali ya sasa: ukirudia swali Ijumaa, mzigo uliochukuliwa Alhamisi utatoweka kwenye orodha ya Jumanne kana kwamba haukuwahi kubaki. Mahali pake paulizwe kama `muda_kuchukuliwa` uko wazi, au ni wa baada ya mpaka wa siku hiyo.

Kagunga ina tatizo lake zaidi. Iko mpakani, simu hunasa mtandao wa Burundi, na saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ikiwa programu inahifadhi saa ya ukutani bila kutaja kanda ya saa, mzigo uliopokelewa saa 6:20 usiku utaandikwa 5:20 na kurudishwa siku ya nyuma. (Lugha yetu yenyewe husema "usiku wa kuamkia Jumatano", na wakala akiandika Jumatano saa tano ya usiku huo simlaumu.) Dalili ni rahisi kuiona: rekodi zilizotumwa mtandao ukiwa mzuri zinaonekana zimechelewa kwa dakika 60 hivi kila mara.

Kwa ofisi ya Kigoma ningetenganisha matumizi. Hesabu inayopelekwa kwa mwenye mali ifungwe kwa muda wa kufika, isiguswe tena, na kila siku iwe na mstari wa "zilizochelewa" unaotaja siku ya tukio. Orodha ya makarani itokane na muda wa tukio, nayo ichapishwe upya kila asubuhi. Jumatano, basi, karani angeshika majina 39 huku hesabu ya Jumanne ikibaki 37, na mstari wa zilizochelewa ungeonyesha mizigo 6 iliyoingia na 4 iliyotoka, yote ya tarehe 4.