Faida ya Milioni 5 na Baba Hana Habari

Shoga yangu ameshawatangazia kwenye magrupu kwamba nimemfikisha baba pabaya kwa afisa mikopo. Muongo yule, hakuna aliyekamatwa. Sikilizeni ya kwangu.

Baba alitaka mkopo wa milioni 3 ajaze duka kabla ya Ramadhani: sukari, ngano, mafuta, tende. Msomi wa nyumba ni mimi, basi barua nikaiagiza kwa akili mnemba kwenye simu. Nikaiambia: duka la rejareja Mbagala, kwa siku tunaingiza 180,000, niandikie barua nzito. Ikaja nzito kweli, baba akaisaini kwa mbwembwe.

Afisa, mama mmoja mpole, akaanza kuisoma kwa sauti. "Mzee, umesema duka lako lipo kwenye mnyororo wa thamani wa kikanda. Huo mnyororo ukoje?"

Baba akanitazama. Mimi nikatazama feni.

"Upo," akajibu. "Tunafungia mlango wa nyuma."

Yule mama hakucheka. Jamani, afadhali angecheka! Kalamu yake ikateremka mstari kwa mstari, ikagota. Akavuta kikokotoo, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena.

"Faida halisi ya mwezi, milioni 5 na laki 4."

Mashine ilichukua 180,000, ikazidisha kwa siku 30, ikaita faida! Hayo ni mauzo, ndugu zangu. Humo ndani kuna hela ya kurudi kwa muuzaji wa jumla. Kwenye 180,000 kinachobaki ni kama 20,000, na hapo kodi ya fremu na umeme hujagusa.

"Sasa mzee, mwenye faida hiyo anakopa milioni 3 za nini?"

Baba hakumjibu. Aligeuka taratibu, kiti kikalia kwiii, akaniuliza kwa ile sauti ya chini ambayo utotoni ilitangulia bakora:

"Mwanangu. Jioni nani anafunga hesabu?"

Mnajua nani. Mimi.

"Baba, hizo hela hazipo."

"Naona hazipo. Nauliza zimekwenda wapi."

Nyuma yetu kulikuwa na foleni, na foleni nzima ikaacha kuongea. Bibi mmoja akasogeza kiti mbele asikie vizuri.

Aliyeniokoa ni afisa. Alidai daftari la mauzo na risiti za jumla za miezi mitatu, akapiga hesabu mwenyewe: faida laki 4 hivi kwa mwezi. Rejesho la milioni 3 kwa mwaka mmoja lingekaribia laki 3, sisi tule nini? Tukaandika upya kwa mkono, milioni 1 na nusu, ikapita.

Hesabu za jioni sasa anafunga mdogo wangu wa darasa la tano. Jana nimechukua biskuti, kaniandika kwenye madeni.