Faini ya laki tatu na bomba lililoachwa wazi

"Nina vyumba viwili ghorofa ya kwanza Mji Mkongwe, nawapangisha wageni wa siku mbili tatu. Kabla hawajafika huwatumia ujumbe wa sheria: saa ya kuingia, kelele, wageni wao, uharibifu. Mume wangu anasema ni mkali kama wa jela. Dada yangu anasema bado ni laini, watu watanivunjia nyumba. Nani nimsikilize?"

Bibie, kwenye faini msikilize mume. Kwenye wageni wa wageni, dada yako ana hoja. Nitakueleza kwa kisa kilichonikuta mwenyewe, maana mambo yako karibu yote yamo humo.

Ilikuwa Februari, watu wamejaa mjini kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara. Nyumba yangu ya Malindi niliwapa vijana wanne kutoka Dar kwa usiku tatu. Ujumbe wangu wakati ule ulikuwa na vipengele kumi na tisa, karibu kila kimoja kikiwa na "marufuku". Wageni wa nje marufuku. Uharibifu wowote, faini shilingi 300,000. Nilijiona mjanja.

Siku ya pili walirudi jioni kutoka Nungwi na wenzao watano, wote wana mchanga na chumvi, wakaoga. Tangi langu la juu ni la lita 1,000, na mtaani kwetu maji ya bomba yalikuwa yakija usiku mmoja, usiku wa pili hakuna. Mtu anayeoga mara mbili na kutumia choo humaliza kama lita 100 kwa siku, hivyo watu wanne kwa siku mbili ni lita 800. Linatosha, na akiba kidogo inabaki. Ongeza watu watano wa kujisuuza mchanga, hesabu imekufa. Saa tatu usiku bomba likatoa pumzi tu. Mmoja akafungua la bafuni, akaona kavu, akaliacha vile vile, wakatoka kwenda Ngome Kongwe kusikiliza muziki.

Saa saba usiku maji yakaja. Pampu yangu huwaka yenyewe boya likishuka, ikapandisha maji tangini, na tangi likamwaga bafuni. Ndoo ilikuwa imeziba tundu la maji machafu. Waliporudi walikuta sebule ni bwawa. Wakafuta kwa mataulo, wakayaanika, wakanyamaza. Kwa nini wanyamaze? Kwa sababu nilishawaandikia laki tatu.

Nilijua siku ya nne, wameshapanda boti. Jirani wa chini, bi mkubwa wa makamo, aliniita nitazame dari lake: doa la kahawia ukubwa wa sinia, chokaa imeanza kuvimba. Sakafu za nyumba zetu za zamani si zege. Ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na kifusi cha udongo na chokaa. Maji yakiingia humo hayatoki haraka, hukaa yakinywea, na boriti huanza kuoza kwenye ncha zilizomo ukutani, mahali usipopaona. Ningeambiwa asubuhi ile ile, ningefungua madirisha, nikakausha, nikamwita fundi agonge dari la chini asikie panapolia wazi. Kuchelewa kule kulinigharimu zaidi ya faini yenyewe, ambayo wala sikuipata.

Hapo ndipo mumeo anapopatia. Faini kubwa humfundisha mgeni kuficha, na katika nyumba ya chokaa kinachofichwa ndicho kinachokula nyumba. Lakini dada yako naye si mjinga: usipodai chochote, shuka nyeupe zitarudi na hina kila wiki. Mtu amechorwa mikono ufukweni, amelala nayo kabla haijakauka vizuri, na doa lile halitoki. Mimi sasa nimetenganisha mambo mawili. Vitu vidogo vina bei ya kununulia kingine, imeandikwa kabla mtu hajalipia chumba: shuka, taulo, ufunguo uliopotea. Maji na umeme havina faini kabisa mgeni akinijulisha saa ile ile. Dhamana nachukua shilingi 50,000, na siku ya kuingia tunapiga picha pamoja naye yupo, sebule, bafu na kitanda. Wapo wenye nyumba wanaosema dhamana hufukuza wageni, na kwa anayekuja usiku mmoja nakubaliana nao, simdai. Hasara yake ni shuka moja.

Kuhusu wageni wa nje, "marufuku" yangu haikumzuia mtu. Tena kwetu ni tusi. Mtu katoka Pemba, shangazi yake anakaa Kikwajuni, umwambie asije hata kunywa chai? Lakini dada yako akisema kundi lisilojulikana ni hatari, hakosei: tangi ni lile lile, jirani ni yule yule, na sheha akiuliza nani amelala kwako huna jibu. Kwa hiyo sheria yangu imekuwa juu ya kulala na kuoga, si kutembelewa. Nimeandika hivi: "Ndugu na marafiki karibuni sebuleni mpaka saa 4 usiku. Wanaolala na kuoga ni wale tulioandikishana tu, kwa sababu tangi ni la lita 1,000 na halijai kila siku. Bomba likikauka, lifunge kabla hujatoka." Tangu nieleze sababu, watu huniuliza mapema kama wanaweza kuongeza mmoja. Wachache bado hudanganya, huo ni ukweli, lakini tangi hunisemea.

Kelele sitaki kukuchosha nazo. Kuta zetu za mawe zina unene wa nusu mita na zaidi, mtu akizungumza chumbani hasikiki. Sauti hupita madirishani na kibaraza cha juu, inashuka kichochoroni kama kwenye mtungi. "Kelele marufuku" haimwambii mgeni kitu. Mwambie spika isipande juu baada ya saa 4 usiku, atajua cha kufanya. Na mwonye pia kwamba adhana ya alfajiri iko jirani, asije akakulaumu wewe.

Saa ya kuingia ndiyo sioni mkitofautiana, na ndiyo yenye makosa mengi. Ukiandika "saa 8" kwa mgeni wa kutoka nje ya nchi, atakuja saa mbili asubuhi na mabegi, mfagizi bado yumo ndani, au atadhani ni saa mbili usiku. Andika 14:00 pembeni. Anayefika na boti ya asubuhi kutoka Dar yuko bandarini mapema sana, na ukali hapo haukusaidii wala ulaini: chumba hakijawa tayari. Mimi hupokea mabegi kuanzia saa tatu, chumba saa nane. Na kwa kuwa gari haifiki mlangoni kwangu, humtumia picha ya mlango na baraza ya jirani, maana ramani ya simu humpeleka kichochoro cha pili.

Ujumbe wangu sasa una mistari tisa. Ule wa bomba ndio wa kwanza.