Kiitikio kifupi si uvivu wa mtunzi

“Nyimbo hizi za kiongozi kuimba mstari na watu kujibu maneno yale yale mara ishirini zinafundisha nini? Si ni kukwepa kazi ya kutunga?” – mwalimu wa kwaya, Tabata

Hoja yako ina uzito, mwalimu. Kiitikio cha silabi tano hakiwezi kubeba fundisho la Utatu, na kiongozi anayependa kusikika anaweza kugeuza ibada kuwa jukwaa lake. Beti zenye fikra inayojengwa hatua kwa hatua zinahitaji kwaya iliyofanya mazoezi. Hapo sikupingi.

Lakini tuanze na Zaburi ya 136. Ina aya 26, na kila moja inaishia “Kwa maana fadhili zake ni za milele.” Mafundisho yapo, tena mengi: uumbaji, kutoka Misri, Bahari ya Shamu, wafalme waliopigwa. Yote hayo yamo katika nusu ya kwanza ya aya, na ndiyo nafasi ya kiongozi. Watu hawakupewa historia waikariri, walipewa jibu. Hata hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia, ya mwaka 1963, inapotaja namna waamini wanavyoshiriki, inataja majibu na zaburi pamoja na nyimbo. Kwa hiyo ukitaka kupima kina cha wimbo wa aina hii, pima mistari ya kiongozi. Kiitikio kina kazi nyingine: kimfikie mama aliyekaa benchi la mwisho bila karatasi mkononi.

Na kazi hiyo si nyepesi. Chukua wimbo wa asubuhi baada ya mkesha, kipindi cha mvua, bonde la Jangwani hapa Dar es Salaam linapofurika:

Kiongozi: Umetulinda usiku kucha
Wote: Asante, Bwana
Kiongozi: Jangwani maji yamepungua
Wote: Asante, Bwana

Mistari yote miwili ya kiongozi ina silabi kumi, ila idadi hiyo siyo siri yenyewe. Siri iko mwishoni. Tukihesabu mapigo manne kwa kila bari, silabi yenye mkazo wa mwisho, yaani “ku” ya “kucha” na “ngu” ya “yamepungua”, inaangukia pigo la kwanza la bari ya pili, kila mara, bila kukosa. Huko nyuma kiongozi ana ruhusa ya kukimbiza maneno au kuyavuta kama anavyoongea. Akishatua hapo, silabi ya mwisho inachukua pigo la pili, la tatu linaachwa wazi ili watu wavute pumzi, na la nne wanaingia na “A”. Hivyo “sa” inapata pigo la kwanza la bari ya tatu na “Bwa” pigo la tatu, mahali ambapo ulimi wa Kiswahili unaweka mkazo wenyewe. Ukianza na “A” kwenye pigo la kwanza, watu watakokota neno wasijue kwa nini.

Sauti nayo inatoa ishara. Kwa nota za sol-fa, kiongozi amalizie kwenye r, na watu waanze na r hiyo hiyo: r m d r d. Hawatafuti nota, wanaipokea kutoka mdomoni mwake. Akimalizia kwenye d, sikio linasikia wimbo umekwisha na jibu linachelewa. Ukiweka doh kwenye G, kiitikio hakipandi zaidi ya B, na hata wazee waliokesha wanakifikia, wanaume wakiimba oktava ya chini.

Kinachoharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni madoido. Kiongozi mwenye koo zuri anaongeza “eeh” tatu baada ya “kucha”, pigo la kupumua linaliwa, na watu hawajui waingie wapi. Kwaya inaitikia peke yake, maana ilikuwepo Alhamisi kwenye mazoezi. Kutoka mbele huwezi kugundua, spika zinakufunika. Nenda kasimame karibu na mlango wa nyuma. Ikiwa mstari wa tatu umepita na waliokuzunguka bado wanasikiliza tu, punguza kiitikio au mrudishe kiongozi kwenye mstari ulionyooka. Mtunzi anayebadilisha kiitikio kila ubeti naye atakutana na ukimya huo huo, hata maneno yawe matamu vipi.

Sauti nne unazozipenda hazifukuzwi. Subiri watu washike kiitikio kwa sauti moja, kisha walete wa sauti ya pili, tena na besi, mradi sauti ya kwanza isiiache ile r m d r d. Beti ndefu zenye hoja zibaki za kwaya, wakati wa sadaka kwa mfano, watu wakiwa wanatembea. Na kiongozi naye amalizie kwenye d katika mstari wake wa mwisho tu: hapo ndipo kule kufunga kunapofaa, kwa sababu watu watasikia kwamba jibu linalofuata ndilo la mwisho.